Sura ya Rafiki Yako Si Mali Yako

Hapa Ulemo, kama ilivyo kote wilayani Iramba, simu imekuwa kijiwe cha pili. Kuna grupu la waliosoma pamoja, grupu la waendesha bodaboda, grupu la kwaya na grupu la ukoo, na karibu kila moja lina fundi wake wa picha. Fundi huyo huchukua sura ya mwenzake, akaibandika juu ya mwili wa mwigizaji wa filamu ya Bongo au ya Kinaijeria, akaandika maneno mawili chini yake, na muda si mrefu grupu zima linacheka. Mara nyingi hata mwenye sura anacheka. Lakini zipo siku ambazo hacheki, na hizo ndizo ninazotaka tuzizungumzie. Sijitoi miongoni mwa wanaoweza kukosea. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na mtu anaweza kumuumiza anayempenda kabla hajajua kwamba amefanya hivyo.

Kipo kisa kimoja cha hapa nchini ambacho wengi wanakikumbuka. Oktoba 29, 2019, Rais John Magufuli alitimiza miaka 60. Mchekeshaji Idris Sultan, yule aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014, aliweka mtandaoni picha mbili za kumtakia heri. Alikuwa amebadilishana sura na Rais. Katika picha moja sura ya Idris ilikaa juu ya mwili wa Rais, kwenye picha rasmi yenye kiti chenye nembo ya taifa. Katika nyingine sura ya Rais ilikaa juu ya mwili wa mchekeshaji. Maneno aliyoambatanisha yalieleza kwamba wamebadilishana nafasi kwa siku moja ili Rais asherehekee siku yake kwa amani.

Haukupita muda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akamwambia hadharani kwamba hajui mipaka ya kazi yake na kumtaka aripoti polisi. Idris akaenda na kuhojiwa. Wakili wake alieleza kwamba mahojiano yalihusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa upande unaokataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Adhabu inayotajwa humo si ndogo: faini inaanzia shilingi milioni 5, na kifungo kinaanzia miaka 7. Baadaye aliachiwa kwa dhamana, na hakuhukumiwa kwa picha zile. January Makamba, ambaye alikuwa ametoka kwenye baraza la mawaziri miezi michache tu kabla, alimtetea waziwazi.

Sisemi Idris alistahili kufikishwa polisi. Watanzania waligawanyika juu ya jambo lile, na mimi nadhani kiongozi wa nchi anapaswa kuvumilia kuchekwa kuliko mtu mwingine yeyote. Ninakileta kisa hiki kwa sababu kinaonyesha dalili ambazo mtu mwenye furaha na simu mkononi huzipita bila kuziona.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye picha yenyewe. Idris hakuchukua picha ya Rais akinywa chai au akicheka na wananchi. Alichukua picha rasmi, yenye nembo. Hapo kilichobadilishwa hakikuwa sura peke yake, kilikuwa na cheo ndani yake. Ndiyo maana swali la polisi halikuwa kama amemtukana Rais, lilikuwa kama amejifanya Rais. Sura huja na yote yaliyoizunguka: nguo, mahali, kazi na heshima. Ukiihamisha sura unahamisha na hayo, hata kama wewe ulikuwa unaangalia macho na pua tu.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye hali ya hewa ya wakati ule. Sheria ilikuwa na miaka minne tayari, na watu walikuwa wamekwishaadhibiwa kwa sheria hiyo. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alitakiwa kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka mitatu kwa maneno aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais. Mtu aliyetazama huku na huku angejua kwamba mlango umefungwa. Mchekeshaji alitazama nia yake, na nia yake ilikuwa njema. Tatizo la nia ni kwamba inabaki kifuani kwa mtengenezaji. Picha ikitoka, inatoka peke yake.

Dalili ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa huku. Mwenye sura hakuulizwa. Kwa Rais ni vigumu kuuliza, hilo nakubali. Lakini kwa sababu hakuulizwa, hakuna aliyejua angecheka au angekasirika, na pengo hilo likajazwa na watu wengine waliokasirika kwa niaba yake. Hivyo ndivyo inavyokuwa hata kwenye grupu la watu thelathini. Asiyeulizwa huzungumziwa na wengine.

Miezi michache baadaye, Mei 2020, Idris alishikiliwa tena. Safari hii hakubadilisha sura ya mtu. Alijirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais, akakaa mikononi mwa polisi zaidi ya wiki, na shitaka lililosomwa mwishoni likahusu usajili wa laini ya simu. Mtu akishaonekana kuwa amevuka mpaka mara moja, mzaha wake wa pili haupimwi kwa uzito wake wenyewe. Unapimwa pamoja na ule wa kwanza. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mara nyingi usaha huo hautoki siku ile ile.

Sasa tukihamishe kisa hiki kutoka Dar es Salaam tukilete Ulemo. Rais alikuwa na mkuu wa mkoa, polisi na sheria vya kumsemea siku ile ile. Je, rafiki yako ana nani? Kijana anayepakia abiria njia panda ya Misigiri, akibandikwa kwenye mwili wa mlevi wa kwenye filamu, hana mtu wa kutoa tamko. Akilalamika ataambiwa hajui utani. Akinyamaza itachukuliwa kwamba amekubali. Kwa hiyo anayeumia zaidi ndiye mwenye sauti ndogo zaidi, na sisi tunapima usalama wetu kwa ukimya wake. Tunasema hakuna aliyelalamika. Ni kweli, lakini hiyo haina maana kwamba hakuna aliyeumia.

Kisa kinachoonyesha hili vizuri kilitokea mbali, mji wa Trois-Rivières huko Canada, na kilianzia kwa watu waliokuwa wakisoma shule moja. Novemba 2002, Ghyslain Raza, mvulana wa miaka 14, alijirekodi kwenye studio ya shule yao akizungusha fimbo ya kuokotea mipira ya gofu, akiigiza mpiganaji wa filamu za Star Wars. Hakumkusudia mtu yeyote aione. Miezi michache baadaye wanafunzi wenzake waliikuta kanda, wakaiingiza kwenye kompyuta na kuiachia mtandaoni. Halafu watu wasiomjua wakaanza kuichezea. Mmoja aliigeuza fimbo kuwa upanga wa mwanga. Wengine wakamtoa mvulana yule studioni na kumpachika kwenye mandhari za filamu nyingine, miongoni mwao The Matrix.

Waliofanya hivyo walijiona wanamchangamsha. Wapo hata waliomchangia fedha na kumnunulia zawadi. Lakini mvulana mwenyewe alikuwa anazomewa shuleni, na alikuja kusema miaka kumi baadaye kwamba mitandaoni wapo waliomtaka ajiue. Aliacha kwenda shule na akahitaji matibabu ya akili. Wazazi wake walizishitaki familia za wanafunzi wenzake wakidai dola 250,000 za Canada, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2006. Yeye baadaye alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha McGill, na mwaka 2013 akaamua kuzungumza hadharani ili vijana wanaopitia hali kama yake wasijione wako peke yao.

Nawaza sana juu ya wale wanafunzi wenzake. Hawakuwa majambazi. Walikuwa watoto waliokuta kitu cha kuchekesha. Kilichowapita ni dalili iliyokuwa wazi mbele yao: kanda ile haikuwa yao, na mwenyewe hakuwa amemwonyesha mtu. Mtu anapoficha kitu ameshajibu swali la ridhaa, hata kama hujamuuliza. Ukipata picha ya rafiki yako aliyompigia mchumba wake, au aliyokutumia wewe peke yako akiwa amelala vibaya kwenye basi, jibu umeshalipata. Picha hiyo haikutoka kwake ili iende kwa wengine.

Hapa inafaa tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika, maana ubaya mwingine umejificha ndani ya ufundi. Programu ya kubadilisha sura hutafuta kwanza alama za uso: pembe za macho, ncha ya pua, kingo za midomo, mstari wa taya. Ikishazipata, huizungusha na kuivuta sura ya rafiki yako mpaka alama hizo zilingane na zile za mwigizaji. Kisha husawazisha rangi ya ngozi na kulainisha mpaka wa sura mbili ili usionekane. Kwenye video hufanya hivyo kwa kila picha moja moja, ndiyo maana sura hutetereka kidogo mkono unapopita mbele ya uso au kichwa kinapogeuka sana.

Mtengenezaji anajua picha ni ya mzaha kwa sababu mshono anauona. Shingo ina rangi nyingine, kivuli cha pua kinaelekea kushoto wakati cha mwili kinaelekea kulia, nywele zinaishia ghafla juu ya sikio. Lakini picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa ili ipite kwa bando dogo. Mtu akipiga skrini shoti na kuituma tena, hubanwa tena. Kila mara sehemu ndogondogo zinafifia, na mshono ni miongoni mwa vinavyopotea mapema. Yale maneno ya utani uliyoandika chini nayo yanaweza kukatwa njiani. Kwa hiyo picha iliyoonekana wazi kuwa mzaha kwenye simu yako saa nne asubuhi, inaweza kuonekana kama picha ya kweli kwenye simu ya mjomba wa mtu jioni. Hujaibadilisha. Imebadilika kwa kusafiri.

Ndiyo maana mandhari unayoichagua ina uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Chukulia kijana anabandikwa kwenye mwili wa mwigizaji aliyekamatwa kwa wizi, mikono imefungwa, watu wamemzunguka. Kwenye grupu la marafiki ni kicheko. Ikitoka nje ya grupu na maneno yakakatwa, ni picha ya mwizi mwenye sura inayojulikana. Sote tunajua katika nchi yetu kelele za mwizi zinaweza kumfikisha mtu wapi kabla polisi hawajafika.

Chukulia picha ya jeneza. Mwaka 2020 video za wabeba jeneza wa Ghana wanaocheza zilienea dunia nzima, na watu wengi wakaanza kuwabandika marafiki zao humo. Fikiria mama aliyeko kijijini, mtoto wake yuko Dar es Salaam, simu yake haipatikani tangu jana, na sura yake inafika kwenye simu ya jirani ikiwa karibu na jeneza. Mama huyo hataanza kuchunguza kivuli cha pua.

Na chukulia filamu za uchawi, ambazo tunazipenda sana. Kumvisha mwanamke mzee sura ya mchawi wa filamu, macho mekundu na ungo mkononi, ni jambo la sekunde chache. Lakini tunaishi jirani na mikoa ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine kwa ishara ndogo kama wekundu wa macho uliotokana na moshi wa jikoni. Bibi wa rafiki yako asiwekwe humo hata kwa dakika moja, hata kwenye grupu la watu watatu.

Kwa maoni yangu, mandhari za wizi, kifo, uchawi, uchi, ugonjwa na ulemavu zisiguswe hata kama rafiki amekubali. Sababu ni moja. Ridhaa ya rafiki inamfunga yeye na wewe, lakini picha itawafikia wazazi wake, mwajiri wake na mchumba wake, ambao hawakuwepo mlipokubaliana. Na za uchi zina hatari yake ya pekee, kwa sababu aibu yake haifutiki kwa kueleza kwamba mwili haukuwa wake.

Kuna atakayeniuliza: je, sisi si watu wa utani? Ni kweli, na hapo ndipo penye funzo kubwa. Babu anamtania mjukuu, shemeji anamtania shemeji, makabila yana watani wao, na hata msibani mtani anaweza kufanya kituko kikapunguza uzito wa kilio. Lakini utani una masharti ambayo hatukuyaandika popote kwa sababu kila mtu aliyakuta. Anayetaniwa anajulikana kuwa ni mtani. Yupo pale pale, anasikia. Anaweza kurudisha, na akirudisha unatakiwa upokee. Na wanaosikiliza wanajua uhusiano wenu, hivyo hawachukui maneno yale kuwa habari. Ukisema kwenye utani kwamba shemeji yako ni mvivu, hakuna atakayemnyima kazi kesho yake.

Picha ya kubandika, ikitumwa ovyo, inavunja masharti yote hayo kwa mara moja. Mwenye sura hayupo inapofunguliwa. Hawezi kurudisha, labda naye awe fundi wa programu zile zile. Na wanaoiona kwenye grupu la tano hawajui kama ninyi ni watani au maadui. Kwa hiyo anayesema huu ni utani tu anatakiwa ajiulize kama utani wake bado una mtani ndani yake. Ukibaki na upande mmoja tu unaocheka, hiyo ni dhihaka.

Njia nzuri ya kuupima mpaka huo ni kutazama kicheko kinaelekea wapi. Ukimbandika rafiki yako kwenye mwili wa shujaa wa filamu anayeruka kutoka kwenye helikopta, kinachochekesha ni umbali kati ya maisha yetu ya kulima alizeti na maisha ya shujaa yule. Kicheko kinaiangukia hali, na rafiki yako amesimama ndani yake kama bwana. Ukimbandika kwenye mwili wa mtu mnene anayehema kwa sababu rafiki yako ni mnene, kicheko kinamwangukia yeye. Picha mbili hizo zimetengenezwa kwa programu ile ile na kwa dakika zile zile. Tofauti yake ni kwamba ya kwanza inamhitaji rafiki, na ya pili inahitaji kasoro yake.

Dalili za kwamba umevuka huwa zinaonekana, tukitaka kuziona. Mtu aliyekuwa anajibu kwa maneno anaanza kujibu kwa alama moja ya kicheko. Anabadilisha picha yake ya wasifu akaweka ua au bendera ya timu, ili usipate sura yake tena. Anasema, "Aah, kaka, na wewe umezidi," kisha anabadili mazungumzo. Anaondoka kwenye grupu usiku bila kuaga. Mkikutana gengeni anakusalimia lakini hakai. Kila moja ya hizo ni kauli. Sisi tumezoea kusubiri mtu agombe ndipo tujue amekasirika, lakini watu wengi wa kwetu wamelelewa kutogombana na rafiki mbele za watu. Wanaondoka tu.

Basi tufanyeje? Kuuliza si kazi kubwa, ila kuna namna yake. Muulize ukiwa naye peke yake, au umtumie yeye peke yake, kabla grupu halijaona. Ukimwonyesha mbele ya watu kumi waliokwisha kuanza kucheka, atacheka ili asionekane mwenye roho ndogo, na hicho kicheko si ruhusa. Mwonyeshe picha iliyokamilika, usimweleze kwa maneno, maana "nitakuweka kwenye filamu" anaweza kulikubali bila kujua ni filamu gani. Na mwambie inakwenda wapi: "Kaka, nimekutengenezea hii. Niiweke kwenye grupu letu tu, au tuiache hapa?" Akikubali kwa grupu la marafiki, hajakubali kwa stetasi yako ambayo mchungaji na mwenyekiti wa kijiji wanaiona. Akikubali leo, anaweza kukataa kesho akipata kazi au akioa, na hapo unapaswa kuiacha. Akikaa kimya, chukua kimya kuwa ni hapana.

Kwa watoto, kuuliza hakutoshi. Mtoto wa darasa la tano atakubali chochote kinachomfanya aonekane kwenye filamu. Sura ya mtoto wa mtu isibandikwe popote bila mzazi wake kuiona picha yenyewe.

Na kama picha imeshatoka, usipoteze muda kujitetea. WhatsApp inakuruhusu kuufuta ujumbe kwa kila mtu, lakini kwa muda wa siku mbili na kitu tu, na hata hapo inafuta ujumbe wako ulioutuma. Haigusi nakala aliyoihifadhi mtu kwenye simu yake wala ile aliyokwisha kuipeleka kwingine. Kwa hiyo futa mara moja, kisha andika kwenye grupu lile lile, waziwazi, kwamba picha ile uliitengeneza wewe, si ya kweli, na unawaomba wenzako waifute wala wasiisambaze. Kuomba radhi faraghani peke yake hakutoshi, kwa sababu aibu yenyewe ilitokea hadharani. Halafu nenda kwa mwenyewe kwa miguu yako. Hapa kwetu nyumba haziko mbali. Usimweleze kwamba hukukusudia, maana hilo analijua. Muulize picha imemfikia nani mwingine, ili umsaidie kuwaeleza hao.

Admini wa grupu naye ana sehemu yake. Mtu akisema "hii iondoe," picha iondolewe kwanza, mjadala ufuate. Kusubiri mpaka wengi wakubaliane ni kuipigia kura sura ya mtu.

Sheria ipo pia, na ni vizuri kuijua kabla ya kukutana nayo. Sheria ile ile ya mwaka 2015 iliyotajwa kwenye kisa cha Idris ina kifungu cha 23, kinachokataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia maumivu ya moyo. Faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa mkulima wa Iramba fedha hizo ni misimu ya alizeti. Lakini nisingependa sheria iwe ndiyo sababu ya kwanza ya kujizuia. Tumeona kwenye kisa chetu kwamba sheria inaweza kumfikia haraka aliyemchekesha mkubwa, na isimfikie kabisa aliyemuumiza mdogo. Mtu akiitegemea sheria peke yake imwonyeshe mpaka, atakuwa mwangalifu kwa wenye nguvu na mkali kwa wasio na mtetezi. Tunatakiwa tufanye kinyume cha hapo. Kadiri rafiki yako anavyokosa wa kumsemea, ndivyo wewe unavyopaswa kumuuliza mapema zaidi.

Wadogo zangu, na wakubwa wenzangu tulio na simu, endeleeni kuchekeshana. Mtu anayetengeneza picha nzuri ya kuchekesha ana kipawa, na grupu lisilo na kicheko ni baridi. Ila kabla kidole hakijagusa alama ya kutuma, mtafuteni kwanza mwenye sura na mumwonyeshe. Akicheka na kusema itumeni, mtakuwa mmecheka naye. Akisema hapana, ifuteni, msiihifadhi kwa ajili ya siku nyingine, na kesho mumsalimie kama kawaida.